Apdeti imeingia, waifai imepotea: kadi haijaungua, draiva ndiyo imeachwa nyuma

Binamu yangu anakaa Roysambu, na Jumatano moja jioni alinipigia simu sauti imeshuka kabisa, ati laptopu yake imepoteza waifai. Asubuhi ilikuwa inashika vizuri, mchana ikamwambia kuna apdeti, akakubali, akaizima akaenda zake, na jioni kuiwasha ile alama ya waifai pale juu kwa kona haipo. Si ati ipo na imekataa kuunganisha, haipo kabisa. Akaingia kwa Settings akakuta maneno haya: "No Wi-Fi Adapter Found".

Kabla hajanipigia alikuwa ameshapitia kwa fundi mmoja tao. Fundi akaifungua, akaiangalia kidogo, akamwambia kadi ya waifai imeungua, alete 2,500 awekewe ingine. Nilimwambia asilipe kitu, arudi nayo nyumbani, nitapita kesho.

Sababu ya kumwambia hivyo ni moja tu, ule wakati kitu kilitokea. Kadi inaweza kufa siku yoyote, lakini ikipotea dakika ileile laptopu inawaka mara ya kwanza baada ya apdeti, kitu cha kwanza kushuku ni draiva, na kuthibitisha ni bure na inachukua dakika kumi. Nataka nieleze hii maneno polepole kwa sababu naona watu wengi wanalipia kadi mpya, au wanafuta mfumo wote na kuweka upya, kwa shida ambayo iko ndani ya folda moja.

Laptopu yake ni ya mtumba, inatumia Ubuntu 22.04, kwa hivyo mfano wangu wote ni wa huko. Watu wa Windows nitawagusia baadaye.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kama laptopu inaona majina ya waifai za majirani lakini yako imekataa kufungua neti, hiyo si draiva, angalia ruta, angalia kama umelipa, jaribu na simu kwa waifai hiyohiyo. Lakini kama orodha ya majina yenyewe haipo, na Settings inasema haioni adapta, basi mfumo hauongei na kadi. Binamu alikuwa kwa hii ya pili.

Sasa, kutoongea na kadi kunaweza kuwa kwa sababu kadi imekufa, au kwa sababu hakuna mtu wa kutafsiri. Huyo wa kutafsiri ndiye draiva. Kadi ya waifai ni chipu yenye antena zake, ina lugha yake ya ndani ambayo mtengenezaji ndiye anaijua, na kerneli, yaani ule moyo wa mfumo, haijui lugha ya kila chipu duniani. Inabeba kipande kidogo cha programu kwa kila aina ya kadi, na kipande hicho kisipopakiwa kadi inakaa pale imepewa umeme, mzima kabisa, na hakuna anayeiongelesha.

Alhamisi nilipofika nilifungua teminali nikaandika:

```
lspci -nnk | grep -A3 -i network
```

Hiyo inauliza mama-bodi, bila kupitia draiva yoyote ya waifai, umebeba kadi gani. Nikitoa mstari mmoja usiotuhusu, jibu lilikuwa hili:

```
02:00.0 Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365] (rev 01)
        Kernel modules: bcma
```

Nilimwita binamu akae karibu aone mwenyewe, maana hapa ndipo kesi yote ilikuwa. Mstari wa kwanza unasema kadi ipo, imejitaja jina, imetoa hadi namba yake, 14e4:4365. Kadi iliyokufa kwa kawaida haijitaji, huo mstari hauwi hapo. Halafu angalia kile ambacho hakipo. Kwa laptopu isiyo na shida kungekuwa na mstari mwingine unaosema `Kernel driver in use: wl`, na hapa huo mstari haupo. Hiyo `bcma` unayoiona isikuchanganye, ni draiva ya jumla ambayo inaitambua familia ya hizo chipu lakini hii BCM43142 haiwezi kuiendesha kwa waifai. Inayoiendesha ni `wl`, na `wl` imepotea.

Binamu akaniuliza, "Sasa brathe, draiva inapoteaje na mimi sijaifuta?" Swali zuri sana, na jibu lake ndilo watu hawaambiwi.

Draiva nyingi za Linux zinakuja ndani ya kerneli yenyewe. Kerneli mpya ikija, draiva zake zimekuja nayo zikiwa tayari, hutajua hata kulikuwa na kazi. Lakini kuna chache ambazo haziko ndani, mtengenezaji anazitoa pembeni, na `wl` ni mojawapo. Hizi za pembeni lazima zishonwe, yaani zijengwe kutoka kwa msimbo wake, kwenye mashine yako, na zinashonwa kwa kerneli moja, si kwa zote. Watu wa kerneli hawajawahi kuahidi kwamba mambo ya ndani yatabaki vilevile kutoka toleo moja hadi lingine, wanabadilisha wanavyoona inafaa, kwa hivyo kila moduli, yaani faili la draiva iliyoshonwa, inagongwa muhuri wa kerneli iliyoshonewa. Unaweza kuusoma huo muhuri:

```
modinfo -k 5.15.0-91-generic -F vermagic wl
```

Ikajibu `5.15.0-91-generic SMP mod_unload modversions`. Halafu nikaandika `uname -r`, yaani sasa hivi tunatumia kerneli gani, ikasema `5.15.0-94-generic`. Unaona? Apdeti ya Jumatano ilimtoa kwa 91 ikampeleka kwa 94. Nguo iliyoshonwa ni ya 91. Aliyeamka jioni ni 94, yuko uchi.

Na ukiuliza 94 mwenyewe atakuambia. Nilijaribu kuipakia draiva kwa nguvu na `sudo modprobe wl`, ikarudisha:

```
modprobe: FATAL: Module wl not found in directory /lib/modules/5.15.0-94-generic
```

Kila kerneli ina folda yake pale `/lib/modules`, na ikiwaka inaangalia kwa folda yake tu. Ile `wl.ko` ya zamani ipo, iko kwa folda ya 91, sub-folda ya `updates/dkms`. Kuna watu huwaza kuikopi tu waipeleke kwa folda mpya, na nimeshaona mtu akijaribu, kerneli inasoma muhuri, inaona haumhusu, inakataa na `Exec format error`. Usipoteze jioni yako hapo.

Lakini subiri, kwani kila apdeti ya kerneli huwa inaua waifai ya watu wa kadi hizi? Hapana, na hapa ndipo inafaa kumjua jamaa mmoja anaitwa DKMS. Ilianzia kwa wahandisi wa Dell mwaka 2003 kwa shida kama hii, na kazi yake ni moja: kila kerneli mpya ikiingia, inachukua msimbo wa draiva ya pembeni na kuishona upya kimyakimya. Mwone kama fundi cherehani anayekaa nyumbani kwako. Kitambaa ni msimbo wa draiva, uko pale `/usr/src`. Lakini fundi hawezi kushona bila vipimo, na vipimo vya kila kerneli viko kwa mafaili yanaitwa heda, pakiti yake ni `linux-headers` na namba ya kerneli. Kerneli 94 ikija na heda zake za 94, fundi anapima, anashona, ukiwasha laptopu huoni tofauti yoyote. Kerneli 94 ikija peke yake bila heda, fundi anaangalia, hana vipimo, anaacha. Onyo linatokea kidogo kwa teminali, kama uliapdeti kwa kubonyeza kitufe hulioni, na ukija kuwasha ndio unaona matokeo.

Nikamuuliza fundi mwenyewe:

```
dkms status
```

Ikatoa mstari mmoja tu: `bcmwl/6.30.223.271+bdcom, 5.15.0-91-generic, x86_64: installed`. Hakuna wa 94. Nikaangalia heda na `ls /usr/src`, nikakuta kitambaa kipo, na hakuna folda hata moja ya `linux-headers`. Hata ya 91 haikuwepo.

Hapo nikamuuliza binamu kama amewahi kufuta kitu. Akafikiria, akasema ndio, mwezi uliopita diski ilikuwa inajaa, ina GB 128 na ana video za darasani, mwenzake akamwambia heda ni takataka za maprograma, azifute, akazifuta zote kwa amri moja. Alipata nafasi kama MB 100 hivi kwa kila toleo. Na hakuna kilichoharibika siku hiyo, ndio ugumu wa hii shida, maana nguo ya 91 ilikuwa imeshashonwa, na nguo iliyoshonwa haihitaji vipimo tena. Ile amri ilifuta pia `linux-headers-generic`, ambayo ni pakiti tupu isiyo na kitu ndani, kazi yake ni kuhakikisha kila kerneli mpya inakuja na heda zake. Kwa hivyo mwezi mzima laptopu ilikuwa sawa, halafu apdeti ikaja ikaleta kerneli peke yake. Huwezi kumlaumu kwa kutounganisha hayo mambo mawili, yako mbali sana.

Kurekebisha kuna swali la yai na kuku: heda zinapakuliwa kwa intaneti, na intaneti ndiyo haipo. Njia ni mbili na zote hazitaki pesa nyingi.

Ya kwanza ni kurudi kwa kerneli ya zamani. Ubuntu haiifuti mara moja, huwa inaweka ile iliyotangulia. Unawasha laptopu upya, na ile alama ya mtengenezaji ikitokea unabonyeza Esc mara moja (kwa mashine za zamani unashikilia Shift), inakuja menyu ya GRUB, unachagua "Advanced options for Ubuntu", halafu ule mstari wenye 5.15.0-91. Tulifanya hivyo na waifai ikarudi kabla hajamaliza kuandika paswadi yake, majina ya ploti nzima yakajaa kwa orodha. Alinyamaza akaangalia, halafu akasema tu, "Na yule alisema imeungua." Hiki kipimo ndicho napenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji ujuzi: kama kadi inafanya kazi kwa kerneli ya jana na haifanyi kwa ya leo, kadi ni nzima, kesi imefungwa.

Ya pili, kama kerneli ya zamani ilishafutwa, ni simu na kebo ya USB. Chomeka, kwa simu washa "USB tethering", si hotspoti ya waifai maana hiyo laptopu haiwezi kuiona. Laptopu inaiona simu kama imechomekwa waya wa kawaida, haipitii kadi ya waifai hata kidogo. Bando ndogo inatosha, heda za toleo moja hazifiki MB 20 kupakua. Cha kuangalia ni kwamba Ubuntu ikiona neti inaweza kuanza kupakua mambo mengine nyuma, kwa hivyo ingia kwa mipangilio ya hiyo muunganisho uweke alama kwamba ina kikomo cha data, ndio bando isiende bure.

Ukishakuwa na neti kwa njia yoyote:

```
sudo apt update
sudo apt install linux-headers-5.15.0-94-generic linux-headers-generic
dkms status
```

Weka namba ya kerneli yako wewe, ile iliyoshindwa, si hii yangu. Ya kwanza kwa mstari wa pili inaleta vipimo vya sasa, na hiyo nyingine ni ile pakiti tupu ya kuhakikisha apdeti zijazo haziji pekee. Kama mashine yako inatumia kerneli za HWE, ambazo kwa 22.04 zinaanza na namba kubwa kuliko 5.15, badala yake weka `linux-headers-generic-hwe-22.04`, la sivyo utakuwa umempa fundi vipimo vya mtu mwingine. Heda zikiingia, DKMS inaamka yenyewe, utaona imeandika inajenga `bcmwl`, feni inapiga kelele kidogo, ngoja. Kama haikuamka, isukume:

```
sudo dkms autoinstall -k 5.15.0-94-generic
```

Kwa binamu ilichukua kama dakika moja hivi. `dkms status` ikawa na mistari miwili, ya 91 na ya 94. Tukawasha upya bila kugusa menyu ya GRUB, ikaingia 94, waifai ikashika. Nikarudia ile `lspci` ya mwanzo ndio aone ule mstari uliokuwa umepotea, `Kernel driver in use: wl`, na akaupiga picha na simu.

Kitu kimoja, ukiwa katikati ya hii kazi usiandike `sudo apt autoremove`, hata kama mfumo wenyewe unakuomba. Inaweza kuondoa kerneli ya zamani ambayo ndiyo ngazi yako ya kushukia.

Kuna sehemu mbili hii njia hukwama. Ya kwanza, heda zipo lakini fundi anashona na nguo inakataa, DKMS inasema ujenzi umefeli na kukuelekeza kwa faili `make.log`. Ifungue uangalie mwisho, ukiona maneno kama `implicit declaration of function` maana yake kerneli mpya imeondoa au kubadilisha kitu ambacho draiva ilikuwa inakitegemea. Hapo huna la kufanya na heda, hata uziweke mara kumi. Unakaa kwa kerneli ya zamani hadi pakiti ya draiva yenyewe itolewe ikiwa imetiwa kiraka, na hilo huwapata sana watu wanaoruka kutoka toleo moja la Ubuntu hadi lingine, si hizi apdeti ndogo za mara kwa mara.

Ya pili ni Secure Boot, ule ulinzi unaokubali tu programu zenye sahihi inayojulikana, na hii inaumiza kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa. `dkms status` inasema imewekwa, folda ina `wl.ko`, lakini `sudo modprobe wl` inajibu `Key was rejected by service`. Yaani nguo imeshonwa vizuri ila mlinzi wa mlangoni hamjui fundi. Unamtambulisha hivi:

```
sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Inakuomba utunge paswadi, ni ya kutumia mara moja tu, iandike mahali. Unawasha upya, inatokea skrini ya buluu, unachagua "Enroll MOK", unaweka ile paswadi, basi. Watu wengi wakiona hiyo skrini ya buluu wanashtuka wanabonyeza kuendelea na buti, na inabidi warudie mwanzo.

Kama kadi yako ni ya Intel, habari ni tofauti kidogo, draiva yake `iwlwifi` iko ndani ya kerneli na DKMS haihusiki. Ikipotea baada ya apdeti, angalia kama pakiti ya `linux-modules-extra` ya kerneli hiyo iliingia, kwa Ubuntu draiva za waifai zinakaa humo, na ikikosekana ni dalili zilezile.

Windows nako apdeti huweza kuleta draiva isiyoelewana na kadi, lakini pale huwa haikosekani, huwa imebadilishwa. Fungua Device Manager, tafuta Network adapters, kadi yenye pembetatu ya njano, Properties, kichupo cha Driver, halafu "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa kijivu ujue Windows haina ya zamani ya kurudia, unaipakua kutoka kwa tovuti ya mtengenezaji wa laptopu ukitumia simu na ile kebo, na uichague kwa modeli kamili iliyoandikwa kwa kibandiko cha chini.

Binamu nilimwachia tabia moja tu. Apdeti ikimaliza na ikisema iwashwe upya, asiwashe kwanza, aandike `dkms status` aone kama kerneli mpya imepata mstari wake, kwa sababu wakati huo bado ana waifai na kurekebisha ni amri moja. Wiki chache baadaye ikaja 5.15.0-97. Alinitumia picha ya skrini bila neno lolote, mistari mitatu, wa mwisho ukiwa wa 97, na mwisho wake umeandikwa `installed`.